Usiweke 91 kwenye injini ya 11:1 iliyoandikiwa 95, hiyo ada nimeshailipa mimi

"Wakuu, kompresheni reshio maana yake nini? Gari langu ni 11:1, kifuniko cha tenki kimeandikwa oktani 95. Nikiweka 91 kuna shida? Na hiyo 95 inasafisha injini kweli?"

Rudisha hiyo pampu mahali pake kwanza. Injini yangu ilikuwa 11:1 vilevile, fundi mmoja akaniambia oktani ni biashara tu, petroli ni petroli. Nikamwamini kwa sababu ovaroli lake lilikuwa chafu. Nilidhani grisi ndiyo cheti.

Chukua silinda moja. Pistoni ikiwa chini kabisa, nafasi iliyo juu yake ni cc 550. Ikipanda mpaka mwisho, zinabaki 50. Gawa, unapata 11, hiyo ndiyo kompresheni reshio. Hewa na petroli vimebanwa hadi vimepata joto kali, kama pampu ya baiskeli inavyochoma mkono ukijaza tairi. Plagi ikipiga cheche, moto unasambaa na kuzidi kuubana mchanganyiko wa pembeni ambao haujafikiwa. Petroli ya oktani ndogo hapo uvumilivu unaiishia, inajilipua yenyewe kabla ya moto kufika. Oktani ndiyo huo uvumilivu. Si nguvu, wala si sabuni ya injini.

Kwangu ilianza kwa sauti ya sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo, napanda mlima na gia kubwa, gari limejaa watu na mizigo. Kwenye tambarare, kimya. Fundi akasema ni valvu. Akazirekebisha, nikalipa, kopo likaendelea kulia.

Najua mtakuja na "mbona mimi naweka 91 na natembea?" Unatembea kwa sababu sensa inasikia mlipuko huo na kuchelewesha cheche, nawe unapoteza nguvu bila kujua. Lakini sensa ina mwisho wake. Mzigo mkubwa, injini ya moto, mzunguko mdogo, mguu umekanyaga mpaka chini: hapo inazidiwa.

Plagi ya silinda ya tatu ilipofunguliwa, kwenye kauri yake nyeupe kulikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa. Fundi akavifuta kwa kitambaa, akairudisha. Jamani, ile ilikuwa aluminiamu ya pistoni yangu! Mtu ananifutia pistoni na mimi namwambia asante!

Baadaye ukaja moshi wa bluu na oili ikawa inapungua kila wiki. Tukapima kompresheni: silinda tatu nyingine zilitoa kama baa 12, ile ya tatu ikatoa 5. Kufungua, ule ukingo unaotenganisha ringi mbili za juu umevunjika vipande. Injini nzima chini, kwa tofauti ya hela ya petroli.

Weka kilichoandikwa kwenye kifuniko. Kama 91 imeshaingia, endesha polepole na ujazie 95 mapema. Ukisikia kopo, legeza mguu, shusha gia. Na fundi akisema valvu, mwambie afungue plagi kwanza, kitambaa akupe wewe ushike.