Andika maandishi mbadala kwanza, ndo ushike kamera

Watu wengi wanaouza mtandaoni wanapiga picha kwanza, wanapakia, halafu mwisho kabisa wakiwa wamechoka ndo wanakutana na kile kisanduku cha maandishi mbadala, yale maneno anayosomewa mtu asiyeiona picha (kwenye msimbo wa ukurasa yanaitwa `alt`), wanajaza "begi jeusi" mara nane wanaenda kulala. Mi nafanya kinyume siku hizi. Kabla sijatoa simu mfukoni naandika kwenye karatasi sentensi moja kwa kila picha, sentensi ambayo mtu asiyeiona ile picha angehitaji kuisikia, na nikishindwa kuiandika naifuta hiyo picha kwenye mpango, maana kama sijui inasema nini mteja atajuaje?

Nichukue begi la mgongoni jeusi la kitambaa, kwa sababu ndo bidhaa inayosumbua kweli kweli. Ni nyeusi, ni laini haisimami yenyewe, na mambo yanayomfanya mtu anunue yako ndani ambako haoni.

Naanza na maswali ya wateja. Fungua meseji zako za zamani uone wanauliza nini kabla ya kulipa na wanalalamika nini wakirudisha. Kwa begi maswali yanajirudia: laptopu inaingia? Likijaa linakuwa nene kiasi gani? Mikanda imeshonwaje pale juu inapobeba uzito, maana ndipo yanapokatikia mengi? Ndani kuna mifuko mingapi? Linasimama ukiliweka chini? Kila swali linapewa picha yake, na sentensi yake naiandika hapo hapo. Kwa hiyo karatasi yangu inakuwa na kitu kama "Begi likionekana kwa ubavu, likiwa limejazwa, unene sentimita 16" na inayofuata "Mfuko mkuu ukiwa wazi, laptopu ya inchi 15.6 imezama yote na zipu inafunga". Unaona hizo sentensi mbili hazifanani hata kidogo. Sasa nikiandika "begi kwa mbele" na chini yake "begi kwa mbele kidogo kushoto" najua fika hizo ni picha moja, mojawapo iondoke.

Picha kuu ina kazi yake peke yake. Mtu anaiona ikiwa ndogo kama ukucha katikati ya mabegi ya watu wengine, kwa hiyo pale hujibu maswali yote, unajibu moja tu: hiki ni kitu gani na kina umbo gani. Begi naligeuza kidogo, mbele ionekane yote na ubavu mmoja uonekane kwa mbali, maana ukilipiga limekutazama moja kwa moja linakuwa bapa kama bahasha. Nyuma pawe peupe patupu. Amazon kwa mfano wanataka nyuma pawe peupe kabisa, bidhaa ijaze asilimia 85 au zaidi ya fremu, na kisiwepo kitu ambacho mteja hatakipata kwenye boksi. Hata kama huuzi kwao mi naona hiyo ya mwisho ni ya kuifuata, ukiweka laptopu inachungulia kwenye picha kuu kuna mtu atauliza mbona laptopu haijaja, na hatanii. Ukimaliza punguza picha kwenye simu mpaka iwe ndogo kabisa uitazame kwa umbali wa mkono, kama huwezi kusema ni begi la mgongoni au ni la bega, rudia.

Haya, kulisimamisha. Kunja karatasi uzisokote ujaze ndani, anza na pembe za chini halafu mabega ya begi, kisha katikati weka chache tu. Hapa kuna mtego, ukilishindilia sana linavimba, linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na mteja akilipokea likiwa tupu anahisi katapeliwa. Lijaze kama mtu anavyobeba vitu vyake vya siku ya kawaida. Mikanda ya nyuma ifiche au ipange makusudi, usiiache inaning'inia kila mmoja na upande wake.

Simu iwe kwenye stendi, lenzi iwe usawa wa katikati ya begi. Ukipiga umesimama unaliangalia kwa juu, sehemu ya juu inakuwa pana na chini panasinyaa, na mtu anadhani ndo umbo lake. Na usisogee karibu sana, rudi nyuma kama mita moja na nusu hadi mbili halafu tumia lenzi ya mara mbili kama simu yako inayo, kwa sababu ukiwa karibu na ile lenzi pana kile kilicho mbele kinavimba. Futa lenzi pia, jamani, na kitambaa safi, ule ukungu unaouona kwenye picha mara nyingi ni mafuta ya vidole.

Mwanga sasa, hapa ndo begi jeusi linapowashinda watu. Kamera haijui kwamba begi ni jeusi. Inapima mwanga wa fremu nzima na inataka wastani wake uangukie kwenye kijivu cha kati. Begi likijaza fremu kamera inaona giza, inaongeza mwanga, basi nyeusi inakuwa kijivu kilichopauka kama begi limefuliwa sana. Ukuta mweupe ukitawala fremu inafanya kinyume, inapunguza, ukuta unakuwa wa kijivu na begi linabaki bonge la giza lisilo na mishono wala mifuko. Dawa yake ni kubonyeza na kushikilia kidole juu ya begi lenyewe mpaka fokasi ijifunge, halafu telezesha kidole juu au chini kurekebisha mwanga mwenyewe. Mi naangalia mishono ya mfuko wa mbele: ikipotea napandisha kidogo, nikiona weusi umeanza kuwa majivu nashusha. Nyuma pasipokuwa peupe sawasawa patarekebishwa baadaye kwenye programu ya kuhariri, lakini mshono uliozama kwenye giza haurudi vizuri.

Mwanga wa dirisha uje kwa ubavuni, upande wa pili simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga kwenye ule ubavu wenye kivuli. Ukisogeza ile kadibodi taratibu huku unaangalia skrini utaona ukingo wa begi unatokea gizani kama mstari mwembamba, hapo ndo pa kuiacha. Zima taa za chumbani. Taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirisha unapata begi lina ubavu wa bluu na ubavu wa kahawia, na hakuna kurekebisha kunakotibu zote mbili kwa pamoja.

Picha za karibu mi napiga tatu tu, si kumi. Ya kwanza ni pale mkanda unaposhikana na begi, nasogea mpaka mshono wa msalaba unahesabika nyuzi. Ya pili ni zipu ikiwa nusu wazi, yaonekane meno na kishikio. Ya tatu ni kitambaa chenyewe, na hii inataka mwanga uje kwa chini chini ukiparuza juu ya kitambaa, maana mwanga wa mbele moja kwa moja unafuta mparuzo wote mteja haoni kama ni kigumu au laini. Picha ya karibu ambayo mtu hajui ni sehemu gani ya begi haina faida, kwa hiyo acha kipande cha kitu kinachotambulika kwenye fremu, pembe ya mfuko au kishikio cha juu.

Baada ya hapo kazi ya maandishi mbadala imeshaisha kwa asilimia kubwa, unarudi kwenye karatasi unalinganisha tu kama picha inasema kile ulichoandika. Za kwangu za begi zinakuwa hivi:

```html
<img src="begi-kuu.jpg" alt="Begi la mgongoni jeusi la kitambaa, mfuko mmoja wa zipu mbele na kishikio juu">
<img src="begi-mkanda.jpg" alt="Mkanda wa bega unapoungana na begi: mshono wa msalaba ndani ya mraba">
<img src="begi-ndani.jpg" alt="Mfuko mkuu ukiwa wazi, laptopu ya inchi 15.6 imezama yote kwenye nafasi yake nyuma">
```

Angalia hamna hata moja inayoanza na "picha ya". Anayetumia TalkBack au VoiceOver, zile programu za simu zinazowasomea skrini wasioona, tayari anaambiwa na programu kwamba hii ni picha, ukirudia unampotezea muda tu. Jina zima la bidhaa nalo usiligandishe kwenye kila picha, ameshalisikia juu kwenye kichwa cha ukurasa, na akilisikia tena mara nane mfululizo atatoka. Wale wanaojaza humo "begi bora begi la bei nafuu begi la shule begi la safari" wakidhani wanaiteka Google, nawaomba wafumbe macho wasikilize simu ikiwasomea. Ukiacha `alt` haipo kabisa programu nyingine zinasoma jina la faili, mtu anasikia "IMG" na tarakimu. Kama ni urembo tu, ua au mstari wa kugawa ukurasa, andika `alt=""` na programu itauruka.

Ile picha yenye vipimo vilivyochorwa juu yake na mishale wengi wanaipenda, na mi naipenda, ila vile vipimo viandike pia kwenye maelezo ya kawaida ya ukurasa. Mwenye skrini ndogo hasomi yale maandishi, asiyeona hayapati, na kuyasukumia yote kwenye maandishi mbadala kunaifanya sentensi iwe ndefu hadi inachosha. Kwenye `alt` taja tu kwamba ni mchoro wa vipimo na vile vikuu vitatu: urefu, upana, unene.

Vile vijipicha vya rangi vinavyobonyezwa ni habari nyingine. Pale aambiwe kinachotokea akibonyeza, yaani "Bluu iliyokolea", basi, usielezee begi upya. Na rangi kwenye maandishi iite vile mtu angeiita akiliona dirishani, siyo jina la kiwandani la "usiku wa kifalme" ambalo halimwambii mtu kitu.

Kupima ni rahisi. Mpigie rafiki ambaye hajaliona begi, msomee zile sentensi kwa mpangilio wa picha, halafu muulize akueleze begi lenyewe. Akisema "sijaelewa laptopu inakaa upande gani" umeshajua ni sentensi ipi ya kurekebisha, na mara nyingine ni picha yenyewe ya kupiga upya. Kwa ajili ya siku hiyo mi nabandika selotepu mezani pale begi liliposimama na sakafuni pale miguu ya stendi ilipokuwa, na kiwandani wakibadilisha zipu napiga ile moja tu, naandika `alt` yake upya, zingine zinabaki.