Magoti barazani Ngamiani

*Swali la wiki: "Ukikutana na wazazi wa rafiki yako mlangoni kwa mara ya kwanza, uwaamkie kwa desturi ya kwenu au ya kwao?"*

Mimi nitaanzia kabla mlango haujafunguliwa, maana hapo ndipo wageni wengi wanapoharibu. Kwetu Tanga hodi ina mahali pake pa kusimama. Hukai katikati ya mlango ukachungulia kwenye pazia. Unasogea ubavuni, unapiga hodi, unangoja. Huenda mama yuko uani anapepeta mchele, kichwa wazi, naye anahitaji muda wa kujitupia mtandio. Ukiulizwa "Nani?" taja jina lako na uliyemfuata, kwa sababu "Mimi" hakumsaidii chochote aliye ndani. Hodi ya tatu ikipita kimya, unakwenda zako bila kinyongo.

Baada ya hapo ni shikamoo, na mkono haunyooshwi mpaka mkubwa anyooshe wake. Mgeni mmoja wa dada yangu, kijana wa Nairobi, alimpa mama yangu mkono na kumwambia "Habari yako, mama!" Mama alijibu "Nzuri," mikono ikabaki ndani ya kanga. Kwa hiyo msimamo wangu siku zote ulikuwa mmoja: fuata desturi ya mwenye nyumba.

Sasa nieleze ya rafiki yangu wa Shinyanga. Tulisoma naye chuo Morogoro, na likizo moja nikaja naye kwetu. Tangu Chalinze nilikuwa namweleza: baba utamkuta barazani, sema shikamoo, yatosha. Yeye ni Msukuma, kwao msichana humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti. Akanijibu, "Nitasimamaje mbele ya baba yako kama nguzo?" Nikadhani anatania.

Tulishuka Kange, tukachukua bajaji hadi Ngamiani. Ilikuwa baada ya Alasiri, na baba alikuwa barazani na wazee wenzake wanacheza bao, birika la kahawa chini na vikombe vyake. Mimi nikasema "Shikamooni," wazee wakaitikia "Marahaba" kwa pamoja bila kuinua macho, maana baba alikuwa amekamata kete zake mkononi anazitawanya. Mwenzangu akapiga magoti. Pale pale kwenye saruji, begi la safari likamtoka begani likajitupa mbele yake hadi kwenye birika, na yeye hakulishughulikia. Akatazama chini, akasema shikamoo yake taratibu, akangoja.

Bao likasimama. Mzee mmoja, mkali wa dini, akasema, "Binti, inuka, sisi hatupigiwi magoti, anapigiwa Mungu." Baba hakusema kitu. Aliziweka kete chini, nje ya shimo, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mchezo ukiendelea, akainuka kitini. Baba yangu hamwinukii kijana. "Marahaba, mwanangu," akasema, "wazazi hawajambo huko?" Akawaulizia mama, baba, mvua, ng'ombe, na kila jibu likaja kutoka pale pale chini. Mama ndiye aliyetoka, akamshika kiwiko akamwinua. "Umetoka mbali, pita ndani ukaoge." Goti la suruali lilikuwa jeupe kwa vumbi.

Usiku baba akaniuliza kama sikumweleza mwenzangu. Nikamwambia nilimweleza. "Basi," akasema, "hakutaka kuniamkia nusu." Mpaka leo akipiga simu huulizia "yule mwanangu wa Shinyanga", marafiki zangu wa hapa hapa mjini, wenye shikamoo safi, majina yao hayakumbuki.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kuwashauri mwige wenyeji. Sasa naona niseme hivi: amkia kama ulivyolelewa, ilimradi heshima uliyolelewa nayo isipungue ile ya nyumba unayoingia. Anayezidisha huinuliwa na mama mwenye nyumba, lakini kijana wa mkono na habari yako hakuna aliyejua amrekebishie wapi. Na yule mzee wa barazani pia namwelewa, kwake lile lilikuwa suala la imani. Kwenye nyumba ambayo unajua watu wana msimamo kama wake, inama kidogo tu uishie hapo. Mwanamume naye, hata kama kwao hushikana mikono na kila mtu, kwa mama wa Kiislamu aiache mikono yake mpaka aone.

Hayo ya hodi lakini sibadilishi. Hata kwenye nyumba ya geti na kengele, ukishabonyeza, sogea pembeni.