Mama ana mashine za masikio, TV haizioni

"Mama amewekewa mashine za masikio. TV yetu ina Bluetooth lakini ikitafuta haizioni. Tukiongeza sauti majirani wote wanasikia, yeye bado anauliza wamesema nini. Kuna njia?"

Mkuu, mashine nyingi za masikio zimetengenezwa ziongee na simu, kwa Bluetooth ya aina inayotumia umeme kidogo. TV inatafuta hedifoni na spika za kawaida. Kampuni za mashine huuza viboksi vyao vya TV, ila vingi hukubali mashine za kampuni hiyo tu. Kwa mzee wangu nilichagua kitanzi cha shingoni.

Ni waya unaovaliwa kama mkufu. Unapokea sauti kwa Bluetooth na kuigeuza kuwa uga wa sumaku, na koili ndogo iliyo ndani ya mashine, yaani telekoili, inaudaka. Maikrofoni za mashine zinapumzika, kwa hiyo feni na mwangwi wa sebule havipenyi. Kuongeza sauti ya TV kunakuza na mwangwi wake, ndiyo maana mama hapati nafuu.

Kabla hujanunua, uliza kliniki kama mashine zake zina telekoili (zile ndogo sana mara nyingi hazina) na kama wameifungulia programu ya T. Jaribio rahisi: akiweka T bila kitanzi, sebule inanyamaza, na akisogeza sikio karibu na chaja ya simu anaweza kusikia mvumo.

Upande wa TV nilinunua kisambazaji cha Bluetooth, nikakichomeka tundu la OPTICAL. Tundu la hedifoni kwenye TV nyingi hunyamazisha spika, na familia nayo inataka kusikia. Kwa OPTICAL kila upande una sauti yake: tunaweza hata kuzima spika kabisa usiku na mzee akaendelea na taarifa ya habari. Kama kimya kimetawala au kuna mkwaruzo tu, ingia mipangilio ya sauti, penye Digital Audio Out, uchague PCM badala ya Dolby au Auto. Visambazaji vingi vya bei nafuu havisomi Dolby.

Jambo la kuangalia kwenye boksi ni kuchelewa kwa sauti. Bluetooth ya kawaida huweza kuchelewa takriban sehemu ya tano ya sekunde, na mtu asiyesikia vizuri husoma midomo, hivyo mdomo ukitangulia neno anachanganyikiwa. Tafuta maandishi aptX Low Latency kwenye kisambazaji na kwenye kitanzi pia. Kikiwa nayo kimoja tu, havitaitumia.

Kwenye T peke yake hatasikia ukimwita. Waambie kliniki wamwekee na MT, inayochanganya telekoili na maikrofoni. Mzee hutumia MT mchana wajukuu wakiwepo, T wakishalala. Akisikia mvumo usioisha, msogeze mbali na chaja na waya za umeme kabla ya kulaumu kifaa.