Saa 11:30 ya mgeni, 0530 ya simu: kutafsiri kitabu cha chumbani

Msomaji mmoja aliyeko mapokezi kwenye hoteli ya Iringa ameniandikia. Amekabidhiwa kile kitabu cha maelezo kinachokaa mezani chumbani, kiko kwa Kiingereza, na bosi anakitaka kwa Kiswahili. Anauliza: "Kaka, saa niziandike tunavyozisema au zinavyosomeka kwenye simu?"

Andika zote mbili, kila mahali saa inapotajwa. Wengi wakipewa kazi hii huhangaika na majina ya vyakula, kumbe kinachomkosesha mgeni safari ni tarakimu.

Anza na ukurasa wa kuamshwa. Tuseme Kiingereza kinamwambia mgeni abonyeze *55, kisha saa kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24, na mfano uliotolewa ni 0530. Mfasiri anageuza maneno yote vizuri, anaandika "bonyeza *55 kisha saa unayotaka kuamka, kwa tarakimu nne", halafu anaridhika. Mgeni anayewahi basi la Dar linaloondoka Mbeya saa 12 asubuhi anataka kuamka saa 11:30. Tarakimu nne anazo tayari kichwani, kwa hiyo anabonyeza 1130. Simu inatoa mlio wake wa kukubali, maana 1130 ni saa halali kabisa, na mtambo hauna namna ya kujua kwamba mtu huyu alikusudia alfajiri. Simu inakuja kulia saa 5:30 asubuhi, basi limeshapita Makambako.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halina dalili chumbani. Angebonyeza 2930, mtambo ungekataa. Akibonyeza 1130 kila kitu kinaonekana sawa hadi asubuhi.

Kuandika "ondoa saa sita" au "ongeza saa sita" hakutoshi. Kanuni yenyewe inageuka njiani: saa 11 alfajiri unaondoa sita upate 0500, saa 1 asubuhi unaongeza sita upate 0700, na saa 3 usiku unaongeza kumi na nane upate 2100. Mtu aliyechoka na safari hafanyi hesabu hiyo kitandani, wala hapaswi kuifanya. Mpe jibu tayari. Maandishi ya ukurasa huo yawe hivi:

"Kuamshwa kwa simu. Inua mkono wa simu, bonyeza *55, kisha namba ya saa kutoka kwenye orodha hii. Saa 10:00 alfajiri bonyeza 0400. Saa 10:30 alfajiri, 0430. Saa 11:00 alfajiri, 0500. Saa 11:30 alfajiri, 0530. Saa 12:00 asubuhi, 0600. Saa 12:30 asubuhi, 0630. Saa 1:00 asubuhi, 0700. Ukisikia mlio wa kukubali, rudisha mkono wa simu. Kwa saa nyingine, piga mapokezi."

Mistari saba inawatosha karibu wote: wa basi, wa ndege ya Songwe, na hata wanaotoka Iringa mapema kwenda Ruaha. Neno alfajiri au asubuhi lisiachwe kwenye mstari hata mmoja, kwa sababu saa 11:30 ipo mara mbili kwa siku na ile ya jioni ni 1730.

Mapokezi nao wana la kufanya. Kama mtambo wenu wa simu unaweza kuonyesha orodha ya waliojiwekea kuamshwa, ipitieni kila usiku kabla ya zamu kubadilishana. Ukikuta chumba kimeweka kati ya 1000 na 1230, mpigie mgeni umuulize. Mara chache atakuwa kweli anataka kulala hadi saa 5 asubuhi. Na kwenye daftari la wanaoomba kwa mdomo, wekeni safu mbili, alivyosema mgeni na kilichoingizwa kwenye mtambo, pamoja na tarehe. Mtu akipiga saa 7 usiku akasema "niamshe kesho saa 11", anakusudia alfajiri inayokuja, wakati kwenye mtambo tarehe ilishabadilika saa 6 usiku. Ukiingiza kesho ya mtambo, utamwamsha siku moja baadaye.

Chakula chumbani kina mtego wa aina hiyo hiyo, ila mdogo. Kwanza kichwa cha ukurasa: usiandike "huduma ya chumba", mgeni atadhani ni usafi na kubadilishiwa mashuka. Andika "kuletewa chakula chumbani". Kisha saa. Chakula cha jioni cha 18:00 hadi 22:00 kiandikwe "saa 12:00 jioni hadi saa 4:00 usiku (18:00–22:00)". Ukiacha "12 hadi 4" peke yake, mmoja atapiga simu saa 7 mchana na mwingine saa 4 asubuhi, na jikoni watawalaumu wageni. Kadi ya kifungua kinywa inayoning'inizwa mlangoni kabla ya saa 2 za usiku za Kiingereza iseme "kabla ya saa 8:00 usiku (02:00)". Hapa ndipo watu huteleza wakaandika saa 2 usiku, na mgeni aliyerudi saa 3 anaona amechelewa, anaacha kujaza.

Kwa dobi, nguo zikitolewa kabla ya saa 4:00 asubuhi (10:00) zirudi saa 12:00 jioni (18:00) siku hiyo hiyo. Kabla hujatafsiri ahadi hiyo, muulize dobi kama anaitimiza Juni na Julai. Vitabu hivi hunakiliwa sana kutoka hoteli za Dar, na kwa baridi ya Mbeya suruali ya jinzi isiyopita kwenye mashine ya kukaushia haitakauka kwa kamba mchana mmoja. Hilo si lako kulibadilisha kimyakimya. Mpelekee meneja aamue. Nyongeza ya asilimia 50 kwa nguo za haraka iwekee mfano wa bei: shati la 3,000 linakuwa 4,500. Watu wanaelewa shilingi upesi kuliko asilimia.

Intaneti naipitia haraka. Maneno ya kwenye skrini yaache yalivyo, kwa herufi zake: kama ukurasa wa kuingia unaonyesha `Room Number` na `Last Name`, mgeni ayakute hivyo hivyo kitabuni, na maelezo ya Kiswahili yafuate. Kwenye `Last Name` mwambie aandike jina la mwisho kama mapokezi walivyoliandika kwenye kadi ya chumba, maana mwenye majina matatu hukataliwa pale mapokezi walipoingiza la kati. Na vocha ya saa 24 huhesabiwa tangu anapoingia mara ya kwanza. Aliyeingia saa 8:20 mchana ataona muda wake unaishia 14:20 kesho yake, kwa hiyo andika mfano huo kwa saa zote mbili.

Kabla ya kuchapa, mpe nakala mfanyakazi ambaye hajaiona, aingie chumba kitupu, umwombe ajiwekee kuamshwa saa 11:30 alfajiri akiwa na karatasi hiyo tu. Angalia alichobonyeza. Kisha jaribuni dakika tano mbele ya saa iliyopo, msubiri simu ilie. Isipolia, au ikilia wakati mwingine, saa ya mtambo wenyewe imepotea; mitambo ya zamani isiyo na betri hurudi mwanzo umeme ukikatika. Fundi wa simu airekebishe kwanza, ndipo vitabu viende vyumbani.