Riwaya mpya hainiingii tangu mwaka ule mgumu, shida ni nini?

*Swali: Shikamoo mkutubi. Mimi ni mhasibu, nina miaka 46, niko Mafinga. Nimesoma riwaya tangu niko darasa la tano. Mwaka juzi mama aliugua nikamuuguza hadi akafariki, hapohapo kazini kukawa na ukaguzi na uhamisho. Tangu hapo sijamaliza kitabu hata kimoja. Kuna riwaya ya kurasa 380 nimeianza mara nne, naishia ukurasa wa 50 hivi. Nasoma usiku kitandani, nikifunga ukurasa sikumbuki nilichosoma. Ila kwenye simu nasoma vizuri tu. Nifanyeje?*

Marahaba dada, na pole sana kwa msiba wa mama.

Hapo uliposema kwenye simu unasoma vizuri ndo pa kuanzia, maana watu wengi wa umri wako wanaokuja maktaba wakilalamika kwamba akili imechoka, ukimpa kitabu ashike unaona anakisogeza mbali, mkono unanyooka. Kuanzia miaka 40 na kitu lensi ya jicho inakuwa ngumu, haijikunji vizuri kuangalia kitu cha karibu, na inakuja taratibu mno hivyo mtu hashtuki. Simu ina mwanga wake na herufi unazikuza kwa vidole, kitabu hakina hayo, na usiku chini ya balbu hafifu ndo inakuwa mbaya zaidi. Macho yakilazimisha, baada ya kurasa mbili tatu unachoka, kichwa kinagonga, unaona usingizi, unasema aah sina hamu tena ya kusoma.

Jipime hivi: Jumapili saa sita mchana kaa barazani kwenye mwanga mzuri wa jua, soma kurasa tano za kitabu hichohicho. Kama herufi zinakaa vizuri tofauti na usiku, au unajikuta umekisogeza mbali, nenda ukapimwe macho kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Ukapimwe kweli, usichukue tu miwani ya kusomea ya mezani pale sokoni, kwa sababu jicho la kulia na la kushoto mara nyingi hayalingani, na pia wakati wa kupima ndo wanaweza kugundua mambo kama presha ya macho ambayo wewe mwenyewe huisikii.

Kingine cha haraka, huku kwetu kipindi cha baridi kila mtu ana mafua, kama unakunywa piritoni jioni usitegemee kusoma chochote cha maana usiku huo, ile dawa inalaza.

Haya, tuseme macho yako sawa au umeshapata miwani na bado hukumbuki. Hapo sasa tunaongelea kichwa. Ukianza riwaya mpya kuna kazi kubwa unaifanya bila kujua: unashika majina, nani mtoto wa nani, nani anamdai nani, tuko mji gani, hili linatokea sasa au zamani. Yote hayo unayashika kwa wakati mmoja mpaka yazoeleke, na ile sehemu ya akili inayoshika vitu kwa muda ni ndogo kwa kila mtu. Mtu aliyeuguza mzazi huku ana ukaguzi kazini, ile nafasi imejaa dozi, hela, nani alale hospitali leo, na hata mambo yakiisha akili inaendelea na mazoea yale kwa muda mrefu, inachungulia kama kuna kitu kimesahaulika. Kwa hiyo macho yanapita kwenye mistari ila hakuna pa kuweka majina. Ndo maana kurasa 50 za mwanzo ndo zinakushinda, ndo ghali kuliko zote kwenye kitabu.

Na hapa naomba unisikilize vizuri: acha kuianza upya hiyo riwaya. Kila ukirudi ukurasa wa kwanza unasoma kitu ambacho tayari unakijua nusunusu, utamu umeisha, afu ukifika pale ukurasa wa 50 ambapo mambo mapya yanaanza umeshachoka. Mara nne umelipia mlango tu. Iweke kabatini, ila weka alama pale ulipoishia.

Chukua kitabu ambacho ulishawahi kukipenda, labda kile cha sekondari, kifupi, kurasa 100 hivi. Kusoma tena kitabu unachokijua si kupoteza muda, yani majina na ukoo vipo kichwani tayari, ile nafasi ndogo haibebeshwi mzigo, kinachobaki ni raha yenyewe ya kusoma. Unaweza hata kuanzia sura unayoipenda. Soma asubuhi kabla ya kazi au mchana baada ya kula, siyo kitandani, dakika 15 zinatosha, na usimalizie sura, funga katikati ya tukio wakati bado unataka kujua. Kesho yake utajua pa kuingilia bila kujisukuma, wakati ukifunga mwisho wa sura kesho ni kama unaanza upya. Simu iache chumba kingine, ikiwa mezani hata imezimwa sauti akili inaweza bado kuisikilizia.

Ukiona unapitiliza zile dakika 15 bila kuangalia saa, hamia hadithi fupi, kila moja unaimaliza kwa mkao mmoja. Watu wawili watatu tu humo ndani. Ukimaliza hadithi funga kitabu useme kwa sauti: nani alitaka nini, na nini kilimzuia. Ukiweza kujibu hayo mawili umesoma, hata kama majina yamekutoka. Ukishindwa hadithi tatu mfululizo, rudi kwenye kitabu cha zamani, hakuna ubaya.

Baadaye ndo uitoe ile ya kurasa 380. Usiisome toka mwanzo. Kata karatasi ya saizi ya alama ya kitabu, pitisha macho haraka kwenye zile kurasa 50, andika kila jina na neno moja pembeni, mfano mjomba, mpangaji, mchumba wa zamani, afu anzia ukurasa wa 51 ukiwa na ile karatasi mkononi. Majina yawe kwenye karatasi, akili ibaki na hadithi. Ukifika 120 na bado hujali yatakayowapata watu wa humo, irudishe tu, hiyo siyo shida yako, kitabu chenyewe hakikufai kwa sasa.

Ila dada kuna kitu hujakisema nami nakuuliza. Ni kusoma tu kumepoa, au hata kwaya, chakula, wajukuu, soga na majirani navyo havina ladha? Kama karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi umekosa raha ya kila kitu, usingizi unakatika saa tisa usiku, au unalia bila sababu, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona yenyewe inaharibu umakini. Hapo mbinu zangu za maktaba hazitoshi, nenda hospitali ya wilaya umwambie daktari hivyohivyo ulivyoniandikia, msiba, kazi, na kusoma kulikokatika. Inatibika, na kusoma huwa kunarudi taratibu kadiri mtu anavyopona.

Anza na macho wiki hii, afu niandikie wamekwambiaje.