Re: Meseji kwa bosi, mtoto ana tetekuwanga

"Mwanangu ana tetekuwanga. Nimwandikieje bosi niombe kufanyia kazi nyumbani?"

Pole sana, dada. Mwandikie leo, usisubiri mpaka ufike ofisini. Kabla ya yote muulize mama yako kama uliwahi kuugua utotoni. Aliyewahi kuugua kwa kawaida haugui tena. Kama hujaugua, vipele hutokea siku 10 hadi 21 baada ya kuambukizwa, na unaanza kuambukiza wenzako siku 1 au 2 kabla havijaonekana. Ndiyo maana ruhusa ya siku mbili tatu haisaidii, na mjamzito ofisini anaweza kuugua vibaya.

Andika hivi:

"Habari za asubuhi, bosi. Mwanangu amekutwa na tetekuwanga jana zahanati. Mimi sijawahi kuugua. Je, naweza kufanyia kazi nyumbani kwa wiki 3, nisije nikawaambukiza wenzangu? Ripoti ya mauzo nitatuma kila siku kabla ya saa 10 jioni, na simu iko hewani. Nikiona kipele au homa nitakujulisha mara moja."

Ambatisha cheti cha zahanati. Picha ya mtoto usitume, hata bosi akiomba.