Kwa Nini Mstari Upite Hapo?

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwanafunzi wa kilimo ambaye hajawahi kusoma takwimu, aliniandikia akiuliza kompyuta inajuaje mahali pa kupitisha mstari wakati nukta zake zimetawanyika. Swali lake lilinigusa, kwa sababu miaka kadhaa iliyopita niliulizwa jambo hilohilo mbele ya jopo la watahini nikakosa la kujibu, na aibu ya siku ile haijanitoka.

Nilikuwa na vipande 5 vya shamba la mahindi, kila kimoja ekari moja. Cha kwanza sikukitia mbolea, cha pili nilikitia mfuko 1 wa kilo 25, na kuendelea hadi mifuko 4. Nilivuna magunia 7, 8, 12, 12 na 16. Nilichora nukta hizo kwenye karatasi ya grafu, mbolea kwenye mhimili wa mlalo na mavuno kwenye mhimili wa wima, kisha nikaweka rula kwenye nukta ya kwanza na ya mwisho nikavuta mstari. Mtahini mmoja akauliza, "Kwa nini mstari upite hapo, usipite chini yake kidogo?" Nilinyamaza.

Jibu nililopaswa kutoa ni hili. Kila mstari unabashiri mavuno ya kila kipande, na umbali wa kwenda juu au chini kutoka kwenye mstari hadi kwenye nukta ndio kosa la ubashiri huo. Tunapima wimawima kwa sababu kinachobashiriwa ni mavuno. Mbolea tuliipima wenyewe. Mstari wangu wa rula ulibashiri magunia 9.25 pale nilipovuna 8, na 13.75 pale nilipovuna 12.

Mtu anaweza kudhani kwamba inatosha kujumlisha makosa na kuchagua mstari ambao jumla yake ni sifuri. Haitoshi hata kidogo. Wastani wa mavuno yangu ni magunia 11, na ukichora mstari wa mlalo kwenye 11, makosa yanakuwa -4, -3, 1, 1 na 5, ambayo jumla yake ni sifuri, ingawa mstari huo unadai kwamba mbolea haisaidii chochote. Makosa ya juu yamefuta ya chini. Kwa hiyo kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, alama ya kutoa ikaondoka, ndipo tunajumlisha. Mstari wa mlalo unapata 52, mstari wangu wa rula unapata 4.875, na mstari bora ni ule ambao jumla yake haiwezi kushushwa zaidi.

Kuupata hakuhitaji kubahatisha. Mstari huo lazima upite kwenye wastani wa pande zote mbili, yaani mifuko 2 na magunia 11. Kinachobaki ni mteremko, yaani mstari unapanda kwa magunia mangapi kwa kila mfuko unaoongezwa. Kwa kila kipande, chukua tofauti ya mbolea yake na 2, uizidishe kwa tofauti ya mavuno yake na 11, kisha ujumlishe: 8 + 3 + 0 + 1 + 10 = 22. Zidisha pia kila tofauti ya mbolea kwa yenyewe na ujumlishe: 4 + 1 + 0 + 1 + 4 = 10. Gawanya 22 kwa 10, upate 2.2: kila mfuko unaoongezwa unakwenda na magunia 2.2 zaidi. Ukirudi nyuma mifuko 2 kutoka kwenye wastani, unaanzia 11 - 4.4, yaani 6.6. Tukiita mifuko ya mbolea x na magunia yanayobashiriwa y, mstari ni huu:

```
y = 6.6 + 2.2x
```

Jumla ya makosa yaliyozidishwa ni 3.6. Laiti ningeijua namba hiyo mbele ya jopo!

Nakusihi, mdogo wangu, ukokotoe kwa mkono angalau mara moja, kisha uzikague nukta za pembeni kabla ya zote. Nilipoingiza takwimu zangu upya kwenye kompyuta, niliandika 6 badala ya 16 kwenye kipande cha mwisho. Mteremko ulianguka kutoka 2.2 hadi 0.2, nami nikakaribia kuandika kwamba mbolea haina faida. Kosa hilohilo la magunia 10 lingetokea kwenye kipande cha katikati, mteremko ungebaki 2.2 vilevile na mstari mzima ungeshuka tu kwa magunia 2, kwa kuwa tofauti ya kipande hicho na wastani wa mbolea ni sifuri. Nukta ya pembeni ni kama mtu aliyeshika ncha ya wenzo: anageuza mstari wote kwa nguvu ndogo. Kompyuta haikunipa onyo lolote. Nilikamata kosa langu nilipochora nukta tena na kuona moja imekaa chini kabisa, peke yake, upande wa kulia.